Kutoka Daftari la Maabara hadi Sehemu ya Mbinu: Tarehe Zinazofutwa na Tarehe Zinazobaki



1. Utangulizi

Katika miaka niliyosimamia tasnifu za fonetiki nimeletewa rasimu nyingi za sehemu ya mbinu, na karibu zote zilikuwa na moja ya kasoro mbili. Ya kwanza ni ya mwanafunzi anayenakili daftari lake siku kwa siku, hata msomaji akajua kwamba Jumanne mvua ilinyesha lakini asijue maikrofoni iliwekwa wapi. Kasoro ya pili ni kinyume chake, nayo ni ya hatari zaidi. Mwanafunzi huliweka daftari kabatini, akaandika utaratibu uliopangwa tangu mwanzo, ulionyooka, usio na siku hata moja iliyoharibika. Rasimu ya namna hiyo husomeka vizuri, ila utafiti unaoelezwa ndani yake haukufanyika popote.

Jioni ya leo nataka kuonyesha njia iliyo kati ya kasoro hizo mbili. Hoja yangu ni moja. Daftari hupangwa kwa tarehe, na sehemu ya mbinu hupangwa kwa aina ya jambo: nyenzo, utaratibu na vipimo. Anayegeuza la kwanza kuwa la pili kazi yake ni kufuta tarehe. Kila tarehe anayotaka kuifuta inamtaka aulize swali hili: je, kilichofanyika kabla ya siku hii na kilichofanyika baada yake ni kitu kimoja? Jibu likiwa ndiyo, tarehe ifutwe. Likiwa siyo, siku hiyo imegawa data katika mafungu mawili, na mgawanyo huo hauna budi kuonekana katika maandishi, hata kama tarehe yenyewe haitajwi.

Mfano nitakaoufuata tangu mwanzo hadi mwisho unahusu vipasuo vyenye mpumuo katika Kimvita. Daftari nitakalolisoma nimelitunga mwenyewe kwa ajili ya mhadhara huu, pamoja na takwimu zake, ili nisimwaibishe mtu. Makosa yaliyomo si ya kubuni. Yote nimeyaona katika madaftari halisi, likiwemo langu.

2. Jambo lililopimwa

Tuanze na jambo lenyewe. Katika Kimvita, paa la nyumba na paa mnyama hayatamkwi sawa. Neno la kwanza lina kipasuo kikavu. Katika neno la pili, midomo ikishaachana hewa hutoka kwa muda kabla nyuzi za sauti hazijaanza kutetema. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Chanzo ni cha kingeli: paa la nyumba na kaa la moto ni nomino zenye wingi wa ma-, ilhali paa mnyama na kaa wa baharini zimo katika ngeli iliyokuwa na nazali mwanzoni mwa shina. Nazali hiyo ilipotoweka mbele ya kipasuo kisicho ghuna iliacha mpumuo. Tahajia ya Kiswahili sanifu haiuonyeshi mpumuo huo, na jambo hilo litatusumbua baadaye.

Kinachopimwa ni muda kutoka mpasuko wa konsonanti hadi mwanzo wa ghuna ya irabu. Kipimo hiki kilienea katika fonetiki kutokana na makala ya Leigh Lisker na Arthur Abramson ya mwaka 1964, nasi katika mhadhara huu tutakiita muda wa ghuna. Katika lugha nyingi vipasuo visivyo na mpumuo huwa na muda mfupi, milisekunde chache tu, na vyenye mpumuo huwa na makumi ya milisekunde.

3. Daftari lenyewe

Hizi ndizo kurasa za daftari. Herufi W na namba yake humtaja mwelezaji.

Jumatatu, 3 Juni 2024. Nimewarekodi W1, W2 na W3, chumba kilekile. Kinasa sauti hezi 44,100, biti 16. Maikrofoni ya kuvaa kichwani, sentimita 3 kutoka pembe ya mdomo, kando kidogo ili pumzi isiipige. W1 nimempa orodha iliyoandikwa; paa zote mbili amezitamka kana kwamba ni neno moja, nikashuku kwamba hajui ninataka ipi. Kuanzia W2 nimetumia kadi 4 za picha. Anaona picha na kusema "Sema paa tena". Nachanganya kadi kabla ya kila mzunguko, mizunguko 5. Feni inavuma, nimeizima baada ya W1.

Jumanne, 4 Juni. W4, W5, W6. Maikrofoni ya W5 ililegea, nikagundua alipomaliza. Nikairekebisha akarudia yote. W6 ameitwa nyumbani baada ya mizunguko 3.

Ijumaa, 7 Juni. Nimeanza kupima kwa Praat 6.4. Mwanzo ni mpasuko, mwisho ni pale irabu inapoanza. W2 na W3 tayari.

Jumatatu, 10 Juni. W4 ananisumbua, irabu yake inaanza polepole ndani ya pumzi. Nimeamua mwisho uwe pale wimbi linapokata mstari wa sifuri likipanda, katika mtetemo wa kwanza unaojirudia. W4, W5 na W6 nimewapima hivyo. Matamko 2 ya W4 hayapimiki, mpasuko hauonekani. Yote mawili ni kaa wa baharini.

Alhamisi, 13 Juni. Nimewarudia W2 na W3 kwa kanuni mpya. Baadhi ya k zina mipasuko miwili. Nachukua wa kwanza. Mwenzangu nimempa kanuni kwa maandishi na matamko 20 ya mwanzo ayapime, asione vipimo vyangu.

Ijumaa, 14 Juni. Mwenzangu amerudisha. Tofauti kubwa kuliko zote ni milisekunde 4.

Daftari hili ni zuri. Mwandishi wake hakuficha kitu, wala hakungoja jioni akumbuke. Sasa tuligeuze.

4. Nyenzo: kutenga kilichotumika na kilichoachwa

Hatua ya kwanza ni kupitia kurasa zote na kuweka alama pembeni mwa kila sentensi: N kwa nyenzo, U kwa utaratibu, V kwa vipimo. Sentensi moja ya daftari aghalabu hubeba mambo mawili. "Nimeizima feni baada ya W1" ni hali ya chumba, lakini pia ni mpaka kati ya mwelezaji mmoja na wengine. Sentensi kama hiyo ipewe alama mbili, na isilazimishwe kukaa mahali pamoja.

Chini ya nyenzo tunapata wasemaji, maneno, kadi, kinasa sauti, maikrofoni na programu. Swali letu la tarehe linaanza kufanya kazi hapohapo. Tarehe 3 Juni, ndani ya siku moja, nyenzo zilibadilika: W1 alisoma maneno yaliyoandikwa na waliomfuata walitazama picha. Kwa vile tahajia haitofautishi paa na paa, W1 hakupewa jaribio lile walilopewa wenzake. Matamko yake hayawezi kuchanganywa na yao, na mtafiti amefanya vyema kumwacha.

Kumwacha si kumfuta. Mwanafunzi atashawishika kuandika "wasemaji watano walirekodiwa", na kila neno la sentensi hiyo litaonekana kuwa kweli, kwa maana watano ndio waliomo katika majedwali. Hata hivyo waliorekodiwa ni sita. Msomaji asiyeambiwa habari za sita huyo hana njia ya kujua kama aliachwa kwa sababu ya orodha iliyoandikwa, au kwa sababu hakuutamka mpumuo ambao mtafiti alitaka kuuona. Tofauti ya sababu hizo mbili ndiyo tofauti ya utafiti na udanganyifu. Kinachoweza kumwokoa mtafiti ni ule ukurasa wa tarehe 3 Juni, unaoonyesha kwamba uamuzi wa kubadili nyenzo ulifanywa siku ileile, kabla ya kipimo chochote kuchukuliwa.

Historia ya sayansi ina kisa mashuhuri juu ya jambo hili. Mwaka 1913 Robert Millikan alichapisha vipimo vyake vya chaji ya elektroni, alivyovipata kwa kutazama matone ya mafuta. Alitoa matokeo ya matone 58, akasema kwamba hilo halikuwa kundi lililochaguliwa, bali ni matone yote yaliyofanyiwa majaribio katika siku 60 mfululizo. Mwaka 1978 mwanahistoria Gerald Holton alichapisha uchunguzi wake wa madaftari ya Millikan. Kurasa zenye tarehe, tangu Oktoba 1911 hadi Aprili 1912, zilikuwa na matone zaidi ya mia moja, mengine yakiwa na maneno ya kusifiwa na mengine ya kukataliwa. Allan Franklin alikokotoa upya mwaka 1981 akaonyesha kwamba thamani ya mwisho isingebadilika sana kama matone yaliyoachwa yangeingizwa. Millikan huenda alikuwa na sababu nzuri za kuacha mengi ya matone hayo. Chombo chake kilikuwa bado kinarekebishwa katika miezi ya mwanzo. Ila sentensi aliyoiandika haikulingana na daftari lake, na ndiyo inayojadiliwa hadi leo. Sentensi ya kukiri ingemgharimu mstari mmoja tu.

5. Utaratibu: sarufi ya kitenzi

Katika utaratibu, lugha yenyewe hubadilika, na hapa naomba ruhusa nizungumze kama mwanaisimu. Daftari la Kiswahili huandikwa kwa -me- na -ka-, na mtendaji wake ni nafsi ya kwanza: nimeizima, nikairekebisha, akarudia. Kiambishi -me- kinatuambia kwamba hali iliyoletwa na tendo ingalipo wakati wa kuandika. Sehemu ya mbinu inaandikwa hali hiyo ikiwa imekwisha, hivyo -me- hugeuka -li-. Mabadiliko haya ni rahisi, na wanafunzi wengi huyafanya bila kufundishwa. Magumu ni matatu mengine.

La kwanza ni -ka-. Kiambishi hiki husimulia matendo yanayofuatana, na katika daftari kila kitu hufuatana, kwa kuwa siku hufuatana. Lakini si kila mfuatano una maana. W3 alirekodiwa baada ya W2, na mpangilio huo haukuathiri lolote. -Ka- yake ife. W5 alirudia orodha nzima baada ya maikrofoni kurekebishwa, na hapo mfuatano una maana kubwa, kwani matamko yake yaliyopimwa ni ya msemaji aliyekwisha kuzisema sentensi hizo mara moja, jambo ambalo wenzake hawakulifanya. Mfuatano huo lazima ubaki, ila uandikwe kwa "kabla ya" au "baada ya", maneno ambayo msomaji hawezi kuyapita kama anavyoipita -ka-. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni kuzungushia duara kila -ka- ya daftari, na kujiuliza kama matendo mawili yakibadilishana nafasi data itakuwa ileile. Zile ambazo jibu lake ni siyo ndizo zinazojenga utaratibu.

La pili ni hu-. Mwanafunzi akiona jambo limefanywa mara nyingi huandika "kadi huchanganywa kabla ya kila mzunguko". Sentensi hiyo inatoa desturi au maagizo. Haitoi ushahidi wa tendo. Haisemi mizunguko ilikuwa mingapi, wala haisemi kwamba W6 alifanya mizunguko 3. Tuandike "kadi zilichanganywa kabla ya kila mzunguko", kisha tutaje mizunguko 5 kwa wasemaji wanne na 3 kwa mmoja. Sehemu ya mbinu ni ushahidi wa kilichotendeka, na wakati wake ni uliopita.

La tatu ni kauli ya kutendwa. Kwa desturi "nilipima" hugeuzwa kuwa "yalipimwa", na mtendaji akatoweka. Mara nyingi hilo halidhuru. Aliyezima feni anaweza kuwa yeyote. Lakini katika daftari letu wapimaji ni wawili, na wa kwanza alijua kila tamko ni la neno gani. Anayejua kwamba tamko ni la paa mnyama hutazamia mpumuo mrefu, na jicho lake linaweza kusogeza alama kidogo bila yeye kukusudia. Kwa hiyo "yalipimwa" haitoshi. Tuseme "yalipimwa na mtafiti, ambaye alijua neno lililokusudiwa". Kiswahili kina kihusishi cha mtendaji katika kauli hii, nacho ni "na". Tukitumie kila mahali ambapo mtu mwingine, akiwa katika nafasi hiyo, angeweza kupata jibu tofauti.

6. Vipimo: siku ambayo kanuni ilibadilika

Sasa tumefika penye hatari kuu. Tarehe 7 Juni mwisho wa muda wa ghuna ulikuwa "pale irabu inapoanza". Tarehe 10 Juni ukawa pale wimbi linapokata mstari wa sifuri likipanda, katika mtetemo wa kwanza unaojirudia. Hizi ni kanuni mbili. Ya kwanza inategemea jicho, na jicho la Ijumaa huenda silo la Jumatatu. Ya pili inaweza kufundishwa kwa mtu mwingine. Kama mtafiti angeendelea bila kurudi nyuma, W2 na W3 wangekuwa na kipimo kimoja na W4, W5 na W6 kipimo kingine, na tofauti kati ya wasemaji ingeweza kuwa tofauti kati ya siku.

Alirudi nyuma tarehe 13. Kwa ajili hiyo tarehe 7 yote inaweza kufutwa: vipimo vya siku hiyo havimo tena katika data, na msomaji hana haja navyo. Huu ni mfano wa tarehe inayofutwa kwa haki. Angekuwa hakuwarudia, angelazimika kuandika wasemaji gani walipimwa kwa kanuni ipi.

Je, tarehe 13 nayo tuifute? Siku hiyo ndipo ilipozaliwa kanuni ya mipasuko miwili. Konsonanti k mara nyingi huwa na mpasuko zaidi ya mmoja kwenye spektogramu, na kuchukua wa pili badala ya wa kwanza hupunguza muda wa ghuna kwa milisekunde kadhaa. W2 na W3 walipimwa siku hiyo kwa kanuni hiyo. Lakini W4, W5 na W6 walikwisha kupimwa tarehe 10, na daftari halisemi ni mpasuko upi uliochukuliwa. Daftari limenyamaza.

Hapa ndipo mwanafunzi anapotegemea kumbukumbu na kuandika "mpasuko wa kwanza ulitumika kwa matamko yote". Asifanye hivyo. Kumbukumbu ya mtu aliyekwisha kuamua kanuni humwambia kwamba aliifuata tangu mwanzo. Praat huhifadhi alama za mpimaji katika faili la TextGrid, na alama hizo zinaweza kufunguliwa juu ya wimbi lilelile. Mtafiti wetu alizifungua, na daftari likapata ukurasa mwingine:

Jumatatu, 17 Juni. Naandika mbinu. Nimekagua k zote 24 za W4, W5 na W6. Katika 3 alama ilikuwa kwenye mpasuko wa pili. Nimeipeleka kwenye wa kwanza.

Tazameni kwamba hakuurudia ukurasa wa tarehe 10 ili auongezee maneno. Ukurasa wa zamani haukuguswa. Tazameni pia kwamba kosa hili halikugunduliwa wakati wa kupima. Liligunduliwa wakati wa kuandika, pale sentensi moja ilipodai kusimama kwa matamko yote na daftari likashindwa kuiunga mkono. Ndiyo maana nawashauri waandike sehemu ya mbinu kabla ya kuchora jedwali lolote la matokeo, alama zingali zinaweza kusahihishwa bila mtu kujua masahihisho yanaelekeza matokeo wapi.

Yamebaki mambo mawili ya vipimo. Daftari linasema mwenzake alipewa "matamko 20 ya mwanzo". Tuhesabu: maneno 4 mara mizunguko 5 ni matamko 20, na kwa kuwa W1 aliachwa, matamko 20 ya mwanzo yote ni ya W2. Mtu akiandika "matamko 20 yalipimwa tena na mpimaji wa pili", msomaji atadhani yalitoka kwa wasemaji wote. Kumbe W4, mwenye irabu ngumu, hakupimwa tena na mtu yeyote. Njia bora ni kurudia kwa matamko yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Isipowezekana, tuseme wazi kwamba ni ya msemaji mmoja.

La mwisho ni usahihi wa namba. Praat huonyesha muda kwa desimali nyingi. Sampuli 44,100 kwa sekunde zina maana kwamba sampuli moja inachukua takribani milisekunde 0.023, na mwanafunzi akaona ana haki ya kuandika milisekunde 61.317. Huo ni usahihi wa mashine. Wapimaji wawili walitofautiana hadi milisekunde 4, basi desimali tatu hazina maana yoyote. Tuandike kwa milisekunde nzima, na tofauti ya wapimaji itajwe kando yake.

7. Sehemu ya mbinu iliyokamilika

Baada ya kuyapanga yote, daftari letu linakuwa hivi:

Nyenzo. Wasemaji sita wa Kimvita walirekodiwa. Wa kwanza alisomeshwa orodha iliyoandikwa, ambayo tahajia yake haitofautishi maneno lengwa. Data yake iliachwa kabla ya upimaji, na uchanganuzi ni wa wasemaji watano. Maneno yalikuwa manne: paa (la nyumba), paa (mnyama), kaa (la moto) na kaa (wa baharini). Kila neno lilichochewa kwa kadi ya picha na kutamkwa ndani ya sentensi "Sema ... tena". Kinasa sauti kilinasa kwa hezi 44,100 na biti 16, kwa maikrofoni ya kichwani iliyokuwa kando, sentimita 3 kutoka pembe ya mdomo. Wote watano walirekodiwa katika chumba kimoja, feni ikiwa imezimwa.

Utaratibu. Kadi zilichanganywa kabla ya kila mzunguko. Wasemaji wanne walikamilisha mizunguko 5 na mmoja mizunguko 3, jumla matamko 92. Msemaji mmoja alirudia orodha nzima baada ya maikrofoni kulegea, na matamko ya mara ya pili ndiyo yaliyotumika.

Vipimo. Muda wa ghuna ulipimwa kwa Praat 6.4 na mtafiti, ambaye alijua neno lililokusudiwa, kutoka mpasuko (wa kwanza, ulipokuwa zaidi ya mmoja) hadi wimbi lilipokata sifuri likipanda katika mtetemo wa kwanza unaojirudia. Ukaguzi wa baadaye ulisahihisha alama 3 za k ambazo hazikufuata kanuni hiyo. Matamko 2 ya kaa wa baharini, yote ya msemaji mmoja, hayakupimika kwa kukosa mpasuko unaoonekana, yamebaki 90. Matamko 20 ya msemaji mmoja yalipimwa tena na mpimaji wa pili, asiyeona vipimo vya kwanza. Tofauti haikuzidi milisekunde 4. Vipimo vimetolewa kwa milisekunde nzima.

Hakuna tarehe hata moja iliyobaki. Hata hivyo kila siku iliyogawa data inaonekana: ile ya picha, ile ya maikrofoni, ile ya mipasuko. Msomaji anaweza kuirudia kazi hii, na akitaka kuitilia shaka anajua pa kuanzia.

8. Hitimisho

Kuna jaribio la mwisho ninalolitumia kabla ya kutia saini rasimu. Namwomba mwanafunzi alete daftari, nasoma sentensi moja ya mbinu, naye hunionyesha kwa kidole ukurasa inakotoka. Sentensi isiyo na ukurasa hurudishwa. Kisha tunageuza: nafungua ukurasa wowote, naye huniambia umeingia katika sentensi ipi, au kwa nini umeachwa. Zoezi hili huchukua asubuhi moja. Miaka mingi iliyopita nililifanya kwa makala yangu mwenyewe, iliyokuwa imekwisha kukubaliwa kuchapishwa, nikakuta sentensi mbili zisizo na ukurasa. Moja niliweza kuithibitisha kwa kanda. Ya pili sikuweza, nikamwandikia mhariri aiondoe pamoja na jedwali lililoitegemea. Makala ilitoka fupi, na hadi leo sijaulizwa swali juu yake ambalo daftari halikuweza kulijibu.